Pluto ileile, watu wawili: Diana na Obama ndani ya Mashuke ya 1961

Jioni ya tarehe 1 Julai 1961, huko Sandringham mashariki mwa Uingereza, alizaliwa Diana Spencer. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, saa 1:24 usiku, Barack Obama akazaliwa Honolulu. Mmoja binti wa ukoo wa kilodi, mwingine mtoto wa mwanafunzi aliyetoka Kogelo na msichana wa Kimarekani wa miaka kumi na minane. Kati yao zimepita siku thelathini na nne. Ukizitandaza mezani ramani zao za kuzaliwa, yaani picha za anga la saa ile, utakuta Pluto ya Diana iko nyuzi 6 na dakika 3 za Mashuke, mojawapo ya buruji kumi na mbili zenye nyuzi thelathini kila moja, na ya Obama iko nyuzi 6 na dakika 58 za Mashuke. Uzi mmoja haujatimia kati yao.

Nimezichagua ramani hizi kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mara: "Mimi ni kizazi cha Pluto kwenye Nge, je, hiyo ina maana gani kwangu?" Siku hizi watu hujitambulisha kwa Pluto kama wanavyojitambulisha kwa kabila. Jibu langu fupi ni kwamba kwako peke yako bado haina maana yoyote. Jibu refu ndilo hili.

Falaki ya wazee wetu wa pwani, ile iliyokuja na vitabu vya Kiarabu, huishia Zohali. Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: saba basi, na zote huonekana kwa macho. Urano ilipatikana 1781, Neptuni 1846, Pluto 1930, zote kwa darubini. Hizi tatu hazina hata majina ya Kiarabu ya kurithi, na waliozipa maana ni wanajimu wa juzijuzi. Mwaka 2006 wanaastronomia waliiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari kamili. Wanajimu wengi hawakujali, nami ni mmoja wao, lakini nakumbuka daima kwamba tunasoma kitu ambacho kina umri mdogo katika kazi yetu.

Jambo la msingi ni mwendo. Pluto hulizunguka Jua kwa miaka 248 hivi, na njia yake si duara sawasawa. Kuna buruji inazozipita upesi na nyingine inazojikokota ndani yake. Ndani ya Nge ilikaa miaka kumi na miwili tu, kuanzia 1983 hadi 1995. Ndani ya Ng'ombe, karne ya kumi na tisa, ilikaa kama thelathini na mmoja. Mashuke ilichukua kama kumi na mitano: iliingia mara ya kwanza Oktoba 1956, ikaonekana kurudi nyuma hadi Simba, ikaingia tena, ikarudi tena, ikatulia Juni 1958. Ikatoka Oktoba 1971, ikachungulia nyuma Aprili 1972, ikaondoka kabisa Julai mwaka huo. Kwa hiyo aliyezaliwa Machi 1957 si wa Mashuke hata kama orodha za mtandaoni zinamweka humo. Aliyezaliwa kwenye mpaka asiangalie mwaka, aangalie tarehe.

Sasa, mjomba wako aliyezaliwa Dodoma Julai 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, ana Pluto hiyohiyo kwenye nyuzi hizohizo. Vivyo hivyo mvuvi wa Lamu, na karani wa Osaka. Ukiambiwa Pluto katika Mashuke ni kizazi kilichokuja kuvunja na kujenga upya habari za kazi, afya, usafi na mitambo, unaweza kuitikia kwa kichwa, lakini umeambiwa habari za mamilioni. Ni sawa na kuambiwa umezaliwa masika. Ni kweli, ila hujajua kama nyumba yenu ilivuja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza mezani ni kuondoa. Nachukua ramani mbili na kuweka kando kila kilicho sawa. Pluto inatoka. Neptuni inatoka: Diana nyuzi 8 na dakika 38 za Nge, Obama nyuzi 8 na dakika 36. Urano inatoka, nyuzi 23 na 25 za Simba. Hata Zohali, inayolizunguka Jua kwa miaka ishirini na tisa, haijasogea vya kutosha, kwani wote wawili wanayo ndani ya Mbuzi. Kinachobaki ni vya mwendo wa haraka: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, pamoja na nyuzi ya buruji iliyokuwa ikichomoza upeoni wakati mtoto analia. Hivyo ndivyo vyenye mtu.

Kazi ya pili ni kuuliza: kati ya vilivyobaki, nani ameigusa Pluto, yaani amekaa nayo pamoja au kwa pembe maalumu? Hapa ndipo ramani zinapoachana.

Kwa Diana, Mirihi iko nyuzi 1 na dakika 39 za Mashuke, yaani nyuzi nne na nusu hivi nyuma ya Pluto, inaikaribia. Mirihi siku hizo ilikuwa ikitembea kama sehemu sita za kumi za nyuzi kwa siku. Piga hesabu: ikiwa unakubali mguso wa nyuzi tano kila upande, basi Mirihi ilikuwa "pamoja na Pluto" kwa siku kumi na sita tu, tangu mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai. Kizazi cha miaka kumi na mitano kimepungua kuwa cha nusu mwezi. Bado si Diana peke yake, lakini tumetoka kwenye bahari tumefika kisimani.

Kwa Obama, Mirihi imeshapita zamani, iko nyuzi 22 za Mashuke na haina habari na Pluto. Anayeigusa Pluto kwake ni Mwezi. Uko nyuzi 3 na dakika 21 za Mapacha, ukielekea kuifanyia Pluto pembe mraba, yaani kuwa mbali nayo nyuzi tisini, na umebakiza nyuzi tatu na nusu na kidogo. Mwezi hutembea takriban nusu nyuzi kwa saa. Mguso wa aina hii, ukiuhesabu kwa nyuzi nne kila upande, hudumu kama saa kumi na sita kisha umekwisha. Aliyezaliwa Honolulu hiyohiyo siku mbili kabla hana.

Kipimo changu kiko hapo, nami hukitumia kuliko kitabu chochote: uliza mguso ulidumu muda gani. Pluto ndani ya buruji hudumu miaka, Mirihi kwa Pluto hudumu wiki, Mwezi kwa Pluto hudumu saa. Pluto ikiwa juu ya upeo unaochomoza, kwa nyuzi tatu kila upande, ni dakika ishirini na kitu tu. Kadiri muda unavyopungua ndivyo maneno yanavyokuwa ya mtu na si ya kizazi. (Hawa wawili hakuna mwenye Pluto kwenye upeo wala utosini mwa anga. Wangekuwa nayo, ningeanza hapo.)

Tuisome basi. Mirihi ni nguvu, hasira, chuma, hatua ya mguu. Pluto ni kilichozikwa, kinachotisha, nguvu isiyoonekana. Zikikaa pamoja, mnajimu hutarajia mtu anayekwenda penye hofu kwa miguu yake mwenyewe, na ambaye akikabiliana na wenye mamlaka harudi nyuma kirahisi. Aprili 1987 Diana alifungua wodi ya wagonjwa wa UKIMWI London na kumshika mkono mgonjwa bila glavu, wakati watu waliogopa hata kikombe cha mgonjwa. Januari 1997, Huambo nchini Angola, alitembea ndani ya uwanja wa mabomu ya ardhini akiwa na fulana ya kinga na kioo usoni. Mabomu yaliyofukiwa ni chuma na moto chini ya udongo. Mirihi na Pluto kwa herufi kubwa.

Ni mfano mzuri mno, na ndiyo maana nauogopa. Nimeujua wasifu kabla ya kuifungua ramani. Maelfu ya watoto walizaliwa siku kumi na sita zile na wengi wao hawajawahi kuona bomu. Ramani haikusema Huambo, ilisema tu namna ya kwenda. Mteja akiniletea ramani kama hii bila wasifu, ningeweza kumwuliza: ukiwa na hasira huifanyia nini? Nani alikuwa anaogopwa nyumbani kwenu? Nisingeweza kumwambia zaidi ya hapo kwa uaminifu.

Kwa Obama, Mwezi ni mama, nyumbani, kulala na kula, mtoto kujisikia salama. Pembe mraba ya Pluto kwa Mwezi husomwa kama mama mwenye nguvu sana moyoni mwa mtoto, na nyumba inayong'olewa mizizi. Wasifu unajulikana: baba aliondoka mapema, mwaka 1967 mama akamchukua Jakarta, mwaka 1971 akarudishwa Honolulu kwa babu na bibi huku mama akibaki Indonesia. Mtoto wa miaka kumi anavuka bahari kumwacha mama upande wa pili. Tena Pluto ileile, nyuzi zilezile, lakini haina uwanja wala chuma hapa. Ina mlango wa nyumba.

Mtu atauliza: mbona hata Diana mama yake aliondoka? Kweli, 1967 hiyohiyo wazazi wake walitengana na 1969 wakapeana talaka. Lakini Mwezi wake haujaguswa na Pluto. Uko nyuzi 25 za Ndoo, ukitazamana na Urano kwa tofauti isiyofika nyuzi mbili, na Zuhura ikiwa nyuzi 24 za Ng'ombe, katikati yao, ikizipiga zote pembe mraba. Hapo ndipo ramani ya Diana inapopiga kelele kuliko pote: mama na mapenzi upande mmoja, Urano, sayari ya kukatika ghafla, upande wa pili. Mwanafunzi aliyekuja na shauku ya Pluto anaweza kuzungumza saa nzima juu ya Mirihi na Pluto asiuone msumari huu uliochomoza. Sayari ya nje iliyo ya mtu zaidi ni ile iliyoguswa kwa karibu zaidi, na mara nyingi si Pluto.

Neptuni nayo nitaipita mbio. Kwa Diana, Jua la nyuzi 9 za Kaa liko pembetatu na Neptuni, yaani nyuzi mia na ishirini, karibu kamili. Kwa Obama, Jua la nyuzi 12 za Simba liko pembe mraba na Neptuni hiyohiyo, kwa nyuzi nne. Wote wawili watu waliwavika ndoto zao. Mmoja ndoto zilimkaa kama nguo ya kushonewa, mwingine ilimbidi abishane nazo. Sitaki kuivuta zaidi, maana hapo nimeshaanza kupamba.

Kazi ya tatu ni nyumba, yaani sehemu kumi na mbili za ramani zinazogawana mambo ya maisha, na hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Kwa mpango wa Placidus, ambao programu nyingi hutumia usipoziambia vingine, Pluto ya Diana iko nyumba ya nane na ya Obama iko ya saba. Ukihesabu kwa buruji nzima, yaani ile inayochomoza ikiwa nyumba ya kwanza, Diana akiwa na Mshale unaochomoza, Mashuke ni nyumba yake ya kumi. Obama akiwa na Ndoo inayochomoza, Mashuke ni ya nane. Mtu mmoja, Pluto moja, nyumba mbili. Kila mwandishi huchagua ile inayompa hadithi tamu. Mimi naanza na buruji nzima, kisha naangalia Placidus inasemaje, na zisipokubaliana nyumba naisema kwa sauti ndogo. Mguso wa Mwezi au Mirihi haubadiliki kwa mpango wowote, kwa hiyo huo ndio naanza nao.

Halafu kuna saa. Ya Obama iko kwenye cheti kilichotolewa hadharani Aprili 2011, saa 1:24 usiku. Wakati huo Nairobi ilikuwa imeshaingia tarehe 5, saa 2:24 asubuhi. Programu isipoelezwa kwamba ni Honolulu utapata ramani ya mtu mwingine. Ya Diana ina utata: iliyozoeleka ni saa 1:45 jioni, lakini imewahi kutajwa pia saa 8 mchana. Ukichukua ya mchana, kinachochomoza si Mshale tena bali Mizani, na Pluto inahama kutoka nyumba ya nane hadi ya kumi na moja kwa Placidus. Angalia lakini: Mirihi bado iko karibu na Pluto. Mwezi unarudi nyuma karibu nyuzi tatu, hadi kama nyuzi 22, bado unatazamana na Urano. Ndiyo maana nilisoma miguso kwanza.

Kazi ya nne ni majira, yaani Pluto ya angani inapofika mahali penye maana kwenye ramani. Kizazi kizima hupata kitu kimoja: Pluto kuifanyia pembe mraba Pluto yake ya kuzaliwa. Waliozaliwa katikati ya 1961 iliwafika 1998, wakiwa na miaka thelathini na sita au saba. Diana alifariki Paris 31 Agosti 1997, kabla ya kufika hapo. Ni mpito wa kizazi, kwa hiyo nauhesabu kama hali ya hewa. Wa mtu ni ule wa Pluto ya angani kukigusa kile kilichoguswa tangu kuzaliwa.

Kwa Obama ni Mwezi. Pluto ilisimama ikitazamana nao mara tatu, kati ya mwisho wa 1996 na miezi ya mwisho ya 1997. Mama yake, Ann Dunham, alifariki kwa saratani tarehe 7 Novemba 1995. Siku tatu baadaye Pluto iliingia Mshale moja kwa moja, buruji inayotazamana na Mapacha ya Mwezi wake. Ukisikia hivyo mwili unasisimka. Lakini tupime: siku ya msiba Pluto ilikuwa bado nyuzi tatu na nusu nyuma ya mahali penyewe, na utazamanaji kamili ulikuja mwaka mzima baadaye, wakati Obama alikuwa ameshachaguliwa seneta wa jimbo la Illinois. Unaweza kusema Pluto iliingia mlangoni na msiba. Huwezi kusema ilifika. Wengine hupanua nyuzi mpaka tukio liingie, na ukiruhusu nyuzi tano kila upande kwa Pluto umejipa miaka minne au mitano ya kuchagua msiba unaoutaka. Mimi kwa Pluto sivuki nyuzi moja na nusu, na kwa kipimo hicho 1995 haimo.

Nilijifunza ukali huu kwa aibu. Dada mmoja aliniletea tarehe ya baba yake, mzaliwa wa Tanga, wiki ya pili ya Julai 1961. Nikafurahi, maana Mirihi ilikuwa imekaa juu kabisa ya Pluto, karibu zaidi kuliko kwa Diana. Saa alikuwa ameandika "saa 2". Nikaingiza 02:00. Ng'ombe akachomoza, Mashuke ikawa nyumba ya tano, nami nikaandika kurasa mbili juu ya mzee huyu na ugomvi na watoto wake. Dada akazisoma kimya. Akampigia baba simu hapohapo, akaweka sauti nje.

"Shikamoo baba. Huyu fundi wa nyota anauliza, ulizaliwa saa ngapi hasa?"

"Marahaba. Saa mbili."

"Saa mbili ya usiku au ya asubuhi?"

"Asubuhi bwana. Mama alisema umande ulikuwa umekauka na watu wako shamba."

Saa 08:00, basi, na mimi nimeingiza usiku wa manane. Saa sita zimepotea kwa sababu ya namna mbili za kuhesabu saa ambazo nimezaliwa nazo zote. Nikasahihisha mbele yake. Simba akachomoza badala ya Ng'ombe. Mashuke ikaenda nyumba ya pili, ya mali na kinachoingia mkononi. Mwezi ukasogea nyuzi tatu. Mirihi na Pluto zikabaki zimekumbatiana palepale zilipokuwa.

Nikazichana zile kurasa mbili, nikaomba simu. "Mzee shikamoo. Naomba nikuulize jambo moja tu. Ukiwa na hasira, huifanyia nini?"

Kimya kirefu. Halafu akacheka. "Huwa nachimba," akasema. "Muulize huyo mwanangu, kisima cha pale nyumbani nimekichimba mwenyewe."